Kidole Kimevimba Chote: Mwiba, Gauti au Soriasisi?

Tumchukue mchungaji wa miaka 41 wa Namoruputh, huku Loima. Ni mtu wa mfano, lakini njia anayoipita mhudumu yeyote wa afya wa Turkana ataitambua. Asubuhi moja anavaa akala zake kama kawaida na mkanda wa mguu wa kulia unakataa kupita. Kidole cha nne kimejaa kutoka shinani hadi nchani, ngozi imenyooka na kung'aa, na ile mikunjo inayoonyesha kiungo kilipo imepotea. Vidole vya jirani yake viko vile vile. Hiki kimoja kimekuwa kama soseji.

Nyumbani hakuna anayebishana: ni mwiba. Mathenge, ambao Waturkana wanauita etirae, umejaa kando ya laga na njia za mifugo, na mwiba wake hupenya hata mpira wa tairi. Ananunua amoksilini kwenye duka la dawa, anameza siku tano, uvimbe unapungua kidogo kisha unarudi. Anarudia. Mwezi wa tatu anapanda gari hadi Lodwar, anapimwa damu mahali fulani, na asidi ya yuriki inatoka 450 wakati kipimo cha juu kwa mwanamume ni kama 420. Anaambiwa ana gauti. Anapewa alopurinoli na kukatazwa nyama, jambo zito kwa mfugaji. Mwezi wa nne kidole cha shahada cha mkono wa kushoto nacho kinavimba chote, na kisigino kinamuuma akiamka.

Miezi minne imekwenda na hakuna aliyemwambia avue kofia.

Ili kuelewa kwa nini kofia ina maana hapa, tuangalie kwanza ndani ya kidole. Kila kidole hukunjwa na kano, kamba ngumu inayotoka kwenye misuli ya mkono au ya mguu na kwenda hadi nchani. Kano hiyo hupita ndani ya ala, kama kisu ndani ya ala yake, na ala ina ute kidogo wa kuilainisha. Katika ugonjwa wa viungo unaotokana na soriasisi, kinga ya mwili huishambulia ala hiyo, viungo vyenyewe, na mahali kano na mishipa ya kiungo inaposhikana na mfupa. Ala hujaa maji, nyama za pembeni nazo hufura. Kwa kuwa ala inapita urefu wote wa kidole, uvimbe hauwezi kukaa kwenye kiungo kimoja tu. Unakijaza kidole kizima. Ndiyo sababu umbo la soseji ni dalili yenye maana kubwa. Linatokea zaidi miguuni kuliko mikononi, na mara nyingi halilingani, yaani kidole cha kulia kinavimba na mwenzake wa kushoto anabaki mzima.

Lakini ala hiyo hiyo inaweza kujaa usaha. Hapo saa ndizo zinazohesabika, kwa hiyo nitaanza na maambukizi kabla ya kumrudia mchungaji wetu.

Mtu amechomwa na mwiba, ameumwa na mnyama, au amekatwa na kisu akichinja mbuzi. Katika saa chache, au siku moja hadi mbili, kidole cha mkono kinavimba chote, kinapata joto na kupwita. Mwaka 1912 daktari mpasuaji wa Chicago, Allen Kanavel, alianza kueleza ishara ambazo madaktari wanazitumia hadi leo kutambua usaha ndani ya ala. Kidole kinajikunja kidogo chenyewe na mgonjwa hataki kukinyoosha. Kimevimba urefu wote. Ukibonyeza upande wa kiganja, maumivu yanafuata njia nzima ya kano, kutoka kidoleni hadi kiganjani. Na mtu mwingine akijaribu kukinyoosha kwa upole, hata kidogo tu, mgonjwa anaruka kwa maumivu. Hii ya mwisho mara nyingi ndiyo inayotangulia kuonekana. Homa inaweza kuwepo au isiwepo, kwa hiyo kukosa homa kusimtulize mtu.

Usaha ukibanwa ndani ya ala hauna pa kwenda. Shinikizo linaikatia kano damu yake, nayo inaanza kufa. Kwa kidole gumba na kidole cha mwisho hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ala zao kwa kawaida hufika karibu na kifundo cha mkono, na kwa watu wengi huwasiliana huko. Usaha unaweza kuingilia gumba na kujitokeza upande wa pili wa mkono. Mgonjwa wa namna hii anahitaji antibaiotiki za mshipa na mpasuaji wa kuisafisha ala, siku hiyo hiyo. Vidonge vya dukani havitoshi. Wembe nao usiguswe: mdudu wa kidole, ule usaha unaokusanyika kando ya ukucha, mhudumu anaweza kuutumbua, lakini anayepasua kidole kilichojaa ndani ya ala bila kujua anachokipasua hukata kano au kusambaza usaha. Kutoka Namoruputh, mtu mwenye ishara hizi aondoke siku hiyo kuelekea Lorugum na Lodwar, mkono ukiwa umeinuliwa na kufungwa juu ya kifua, na aulizwe kama amechanjwa pepopunda. Apimwe na sukari pia, kwa kuwa kisukari hulea usaha.

Mwiba una tabia nyingine inayodanganya. Kipande kidogo kikibaki ndani, kinaweza kukaa wiki au miezi kikiuchokoza mwili bila usaha wowote, na kiungo kimoja au ala moja ikawa inavimba na kupungua. Eksirei kwa kawaida haionyeshi mwiba wa mti, ultrasaundi huweza kuuonyesha. Kwa hiyo mtu akikumbuka kabisa siku aliyochomwa, na uvimbe ukaanzia pale pale penye kovu, atafutiwe mwiba huo hata kama eksirei imetoka safi. Mchungaji wetu hakukumbuka mwiba wowote. Watu walimkumbushia wao.

Sasa gauti, ambayo kwa Kiswahili cha zamani huitwa jongo. Hapa chembe za asidi ya yuriki hujijenga ndani ya kiungo kama sindano ndogo mno, na mwili unapozishtukia, moto unawaka. Gauti huja kwa ghafla. Mtu amelala mzima, usiku wa manane anaamka na kiungo cha shina la kidole gumba cha mguu kimewaka, hawezi kuvumilia hata shuka likigusa. Maumivu hufika kilele ndani ya saa 24 hivi, kisha hata bila dawa hupungua katika wiki moja au mbili, na katikati ya mashambulizi ya mwanzo mtu huwa mzima kabisa. Mara nyingi ni mwanamume wa makamo, au mwanamke aliyekoma hedhi, au mtu mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza vidonge vya kukojoza kwa ajili ya presha. Bia na pombe za kienyeji huchochea, na vivyo hivyo kukaukiwa maji, jambo ambalo jua la Turkana hulileta bila kuombwa.

Angalia tofauti. Gauti hushika kiungo, nacho huvimba kama fundo. Soriasisi hukijaza kidole kizima. Gauti hupanda kwa saa na kuondoka kwa siku. Kidole cha soriasisi hupanda kwa siku au wiki na kukaa kwa miezi. Mwanzoni huuma na kuwa na joto, baadaye kinaweza kupoa na kuacha kuuma huku kikiwa bado kinene, na wengi hukisahau hapo, ingawa ndani mifupa inaweza kuwa inaendelea kulika. Nikiri kwamba mipaka hii haina ukuta. Gauti ya muda mrefu inaweza kukijaza kidole chote, hasa chembe zikishajikusanya kuwa vinundu vyeupe chini ya ngozi. Ndiyo maana kipimo cha uhakika ni kuingiza sindano kwenye kiungo, kuvuta ute na kuutazama kwa hadubini maalumu inayoonyesha chembe. Ute huo huo hupimwa vijidudu.

Kipimo cha damu peke yake ndicho kilichompoteza mchungaji wetu. Watu wengi wana asidi ya yuriki iliyopanda kidogo na hawataugua gauti maisha yao yote. Kinyume chake, wakati wa shambulio lenyewe la gauti kipimo kinaweza kutoka cha kawaida. Na kuna jambo la tatu ambalo halisemwi vya kutosha: soriasisi yenyewe inaweza kupandisha asidi ya yuriki, kwa kuwa chembe za ngozi huzaliwa na kufa kwa kasi, na mabaki yao huishia kuwa asidi hiyo. Namba 450 ilisema kweli, ila haikuwa inazungumza juu ya kidole.

Mwezi wa tano alikutana na mhudumu wa kliniki aliyemkalisha na kumtazama mtu mzima badala ya kidole.

"Mzee, naomba uvue kofia."

"Daktari, ninaumwa mguu. Kichwa hakina shida."

"Najua. Vua tu, kisha nitautazama mguu."

Kando ya nywele, juu ya shingo, palikuwa na bamba lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, na jingine nyuma ya sikio. Alikuwa nalo tangu ujana na siku zote aliliita mba. Vitabu vingi vya tiba vimejaa picha za soriasisi nyekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi bamba huonekana la kahawia iliyokolea, la zambarau au la kijivu, na juu yake magamba meupe makavu kama majivu ya kuni. Kwa hiyo huitwa mba, mashilingi au ukurutu, na hupakwa dawa ya fangasi miaka nenda miaka rudi. Sehemu zinazojificha ni kichwani, nyuma ya masikio, ndani ya kitovu, na kwenye mfereji wa makalio. Kwa mama wa Kiturkana aliyevaa shanga kuanzia mabegani hadi kidevuni, bamba la kisogoni linaweza kukaa chini ya shanga hizo bila jicho la mtu kuliona.

Kisha mhudumu alimshika mkono na kuzielekeza kucha kwenye mwanga wa dirisha. Kucha mbili zilikuwa na mashimo madogo, kana kwamba mtu amezigonga kwa ncha ya sindano, zinafanana na subana la fundi nguo. Ya tatu ilikuwa imeachana na nyama yake kwa mbele, na chini yake pana doa la rangi ya mafuta ya kupikia. Kisigino alipokibonyeza nyuma, pale kano kubwa inaposhikana na mfupa, mgonjwa alivuta mguu. Akaulizwa asubuhi inakuwaje. Akasema viungo vinamkaza hadi mbuzi wametoka zizini na jua limeshapanda, ndipo anaweza kukunja ngumi vizuri. Huo ni zaidi ya nusu saa, na ukakamavu wa asubuhi wa muda huo ni alama ya uvimbe unaotokana na kinga ya mwili.

Kwa wengi ngozi hutangulia, viungo hufuata baada ya miaka. Kwa kama watu 15 katika kila 100, viungo hutangulia na ngozi haina kitu. Hapo huulizwa ndugu wa damu: kuna mzazi, kaka au dada mwenye magamba ya namna hii?

Kuhusu kupima kidole kuna njia rahisi niipendayo. Kliniki za viungo zina kifaa chake maalumu, lakini wazo lake linaweza kufanywa kwa uzi na rula. Zungusha uzi kwenye shina la kidole kilichovimba, bila kuubana, weka alama, upime. Fanya hivyo kwa kidole hicho hicho cha upande wa pili. Kwa mchungaji wetu kidole cha nne cha kulia kilikuwa milimita 62, cha kushoto 54. Tofauti ni milimita 8, karibu asilimia 15. Wanaotafiti ugonjwa huu huhesabu kuanzia asilimia 10 kuwa uvimbe wa kweli. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari la kliniki pamoja na tarehe, kwa sababu baada ya miezi mitatu ya dawa hakuna anayekumbuka kidole kilikuwa kinene kiasi gani.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni soriasisi ya viungo". Kipimo cha baridi yabisi ya kawaida mara nyingi hutoka hasi, na hasi hiyo isichukuliwe kuwa mgonjwa hana ugonjwa. Eksirei ya miezi ya mwanzo inaweza kuwa safi. Lakini kipimo kimoja kisirukwe katika nchi zetu, nacho ni cha VVU. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu jijini Lusaka, madaktari Njobvu na McGill walieleza mwaka 2000 wagonjwa 28 wa soriasisi ya viungo, na 27 kati yao walikuwa na VVU. Hali si hivyo kwa kila mgonjwa, na mchungaji wetu alitoka hasi. Lakini soriasisi inayolipuka ghafla kwa mtu mzima, na vidole navyo vikavimba, ni sababu tosha ya kupima, maana ARV peke yake mara nyingi huituliza ngozi, na majibu ya kipimo huamua ni dawa zipi nyingine ni salama.

Kakuma na Kalobeyei, penye msongamano wa watu, mhudumu aulize pia kuhusu kuhara. Baada ya kuhara damu, au baada ya ugonjwa wa zinaa, wiki moja hadi nne baadaye mtu anaweza kuvimba goti, kisigino na kidole kama soseji, macho yakawa mekundu na mkojo ukawaka. Huo ni mwili unaojibu maambukizi yaliyopita, na kwa wengi hupoa baada ya miezi. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayevimba mikono na miguu yote miwili huku akilia apimwe selimundu kabla ya jambo lingine. Na kidole kimoja kinachonenepa polepole bila joto, kwa mtoto au kwa mtu mwenye kikohozi nyumbani, kinaweza kuwa kifua kikuu cha mfupa.

Matibabu ya mchungaji yalianza kwa kuacha alopurinoli na kurudishiwa nyama. Akapewa dawa ya kutuliza uvimbe ya kundi la ibuprofeni, ile ambayo lazima inywewe na chakula na maji mengi, kwa kuwa mtu aliyekaukiwa na jua akiimeza kila siku figo zake huumia. Kidole kimoja kilichokataa kinaweza kuchomwa sindano ya steroidi ndani ya ala. Vidonge vya prednisoloni ni jambo jingine. Vinapendwa kwa sababu siku tatu tu mtu anajisikia mpya, lakini vikiachwa ghafla ngozi inaweza kulipuka kuliko mwanzo.

Ugonjwa ulipoonekana umeshika vidole viwili na kisigino, alipelekwa Hospitali ya Kaunti na Rufaa ya Lodwar, na kutoka hapo barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Huko alianzishiwa methotreksati. Kuna jambo moja kuhusu dawa hii ambalo ningetaka mgonjwa alishike kabla ya yote: huliwa siku moja kwa wiki. Vidonge vyake vya miligramu 2.5 huanzwa mara nyingi vinne hadi sita, vyote siku hiyo moja, tuseme Jumapili, na foliki asidi siku nyingine. Anayevimeza kila siku kama dawa nyingine anaweza kufa, kwa sababu uboho huacha kutengeneza damu. Ini na damu hupimwa mara kwa mara, busaa na chang'aa huachwa, na mwanamke hapaswi kushika mimba akiitumia. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi, kwa hiyo wiki ya tatu bila nafuu si sababu ya kuitupa. Kuna sindano mpya zenye nguvu zaidi, ghali, na kabla ya kuzianza lazima mtu apimwe kifua kikuu kilichojificha.

Kuchelewa kunaacha alama. Watafiti wa Ayalandi walionyesha mwaka 2015 kwamba waliochelewa kuonwa na mtaalamu kwa zaidi ya miezi 6 tangu dalili ya kwanza walikuwa na mifupa iliyolika zaidi na mikono iliyofanya kazi vibaya zaidi, miaka mingi baadaye. Mchungaji wetu alifika Eldoret mwezi wa saba. Kidole cha mguu kilirudi hadi milimita 56. Cha mkono kilipoa, lakini kiungo cha kati hakinyooki tena chote, na kukama mbuzi amejifunza upya kwa vidole vingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kidole kikivimba chote, jambo la kwanza ni kuangalia kama kuna jeraha na kama kukinyoosha kunamfanya mtu aruke. Kama ndivyo, nenda hospitali leo. Kama sivyo, na kimekaa zaidi ya wiki mbili, nenda kliniki na usingoje uulizwe: vua kofia, sogeza shanga, elekeza kucha kwenye mwanga, na mwambie mhudumu kuhusu yale magamba uliyozoea kuyaita mba.